Kutoka Mahame hadi Maandishi: Upangaji wa Utafiti wa Historia Simulizi Kuhusu Operesheni Vijiji Ugogo kwa Kutumia Masimulizi ya Jamaa Mkongwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna ya kupanga, kuendesha na kuandika utafiti mdogo wa historia simulizi ambao msimulizi wake mkuu ni jamaa wa mtafiti mwenyewe. Tukio linalotumika kama kielelezo ni uhamishaji wa watu kwenda vijijini uliofanyika Ugogo, katika Mkoa wa Dodoma, nchini Tanzania, katika miaka ya 1970.

Usuli wa tukio hilo unafahamika. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mnamo Septemba mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere akatoa andiko lake kuhusu ujamaa vijijini. Mwanzoni watu walihimizwa kujiunga na vijiji kwa hiari. Baadaye zilifuata operesheni za mkoa mmoja mmoja, ikiwamo Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1976 ukawekwa kuwa ukomo wa utekelezaji. Kufikia mwaka 1977 takwimu za serikali zilihesabu zaidi ya watu milioni 13 waliokuwa wakiishi vijijini.

Takwimu hizo zilitokana na taarifa za watendaji waliotakiwa kuonyesha kwamba agizo limetekelezwa. Hazielezi kaya moja ilibeba nini na iliacha nini, wala nani alirudi usiku kwenye mahame kuchukua boriti za tembe lake. Mambo hayo yamebaki katika kumbukumbu za wahusika. Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Operesheni Dodoma sasa amepita miaka 70, na aliyekuwa mkuu wa kaya wakati huo kwa kawaida hayupo tena.

Hoja ya makala haya ni kwamba ujamaa wa damu humfungulia mtafiti mlango, lakini pia humficha mambo ambayo mgeni angeelezwa. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa njia tatu: maswali yasiyomtilia msimulizi neno kinywani, tarehe zinazotafutwa kwa kukokotoa, na maandishi yanayotenga kilichoonwa na kilichosikiwa. Mfano unaotumika umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi: ni mtafiti wa kiume na bibi yake mzaa baba, aliyekuwa mke kijana wakati wa operesheni. Matukio ya kitaifa yanayotajwa ni halisi.

2.0 Kuweka Mipaka ya Utafiti

Kosa la kawaida la mradi wa aina hii ni kuanza na mada isiyo na mwisho, kama vile "maisha ya bibi" au "historia ya kijiji chetu". Mada ya namna hiyo huzaa saa nyingi za sauti na kurasa chache za hoja. Mtafiti anashauriwa kuanza na swali moja linaloweza kujibiwa na watu anaoweza kuwafikia. Katika mfano huu swali ni hili: kaya moja ya Ugogo ilihamaje kutoka makazi yake ya awali hadi kijiji kilichopangwa, na uamuzi wa kila hatua ulikuwa wa nani?

Swali hilo linadokeza wasimulizi wanaohitajika. Bibi peke yake hatoshi. Anahitajika angalau jamaa mmoja wa rika lake aliyehamishwa kutoka kitongoji hichohicho, mtu mmoja wa kaya iliyokuwa tayari mahali palipofanywa kijiji, na ikiwezekana mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi au mgambo. Kaya iliyopokea wageni hukumbuka uhamishaji kwa namna tofauti kabisa na kaya iliyohamishwa, kwa kuwa mashamba waliyogawiwa wageni yalikuwa na wenyewe. Watu wanne au watano, kila mmoja akihojiwa mara mbili, wanatosha kwa insha au sura moja ya tasnifu.

Kabla ya mahojiano mtafiti asome kile kinachopatikana katika maandishi: magazeti ya wakati huo, hasa Uhuru, pamoja na majalada ya mkoa na wilaya katika Nyaraka za Taifa. Lengo la usomaji huo ni kupata orodha fupi ya matukio yenye tarehe za hakika, ambayo itatumika baadaye kupima tarehe za wasimulizi. Orodha hiyo haipelekwi kwa bibi ili aithibitishe.

Barua ya utambulisho ya chuo ipitie ngazi za mkoa, wilaya na kijiji hata kama mtafiti ni mzaliwa wa hapo. Mjukuu anayeingia nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, akiuliza habari za ardhi bila barua, huzua minong'ono ambayo bibi ndiye atakayeachiwa.

3.0 Mwongozo wa Maswali

Mwongozo wa maswali hutofautiana na hojaji. Hojaji huuliza watu wengi maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, ilhali mwongozo ni orodha ya maeneo ambayo mazungumzo lazima yayafikie kwa njia yoyote. Maeneo sita au saba yanatosha, kila moja likiwa na swali moja la kufungulia na mawili ya kufuatilia.

Tatizo kubwa la maswali kuhusu Operesheni Vijiji limo katika kitenzi. Kiswahili humwezesha msemaji kueleza nani alikuwa na uamuzi kwa kubadili mnyambuliko tu. Anayesema "tulihama" anajiweka kuwa mtendaji. Anayesema "tulihamishwa" anamweka mtendaji mwingine nyuma ya tukio. "Tulihamia" huelekeza macho kule walikokwenda badala ya kule walikotoka. Wapo pia wanaosema "tuliswagwa", neno linalotumika kwa mifugo, na kwa neno hilo hutoa hukumu nzima. Mtafiti anayeuliza, "Bibi, mlihamishwa kwa nguvu?" amekwisha kumpa msimulizi kitenzi na hukumu yake. Jibu la "ndiyo" litakalofuata halina thamani kubwa, kwa kuwa haijulikani kama ni kumbukumbu ya bibi au ni adabu ya kukubaliana na mjukuu msomi.

Kwa hiyo swali la kufungulia lisiwe na kitenzi cha kuhama. Mtafiti anaweza kuuliza: "Bibi, ulipoolewa ulikuta nyumba iko wapi, na jirani wa karibu alikuwa nani?" Kisha aulize nyumba iliyofuata ilikuwa wapi. Msimulizi mwenyewe atalazimika kutafuta neno la kuunganisha nyumba ya kwanza na ya pili, na neno la kwanza analolitumia linapaswa kuandikwa papo hapo. Likibadilika baadaye, kwa mfano akianza na "tulihama" na kufikia "tulihamishwa" anapoanza kusimulia siku yenyewe, badiliko hilo ni ushahidi unaohitaji ufafanuzi.

Maswali ya siku ya tukio yafuate mwendo wa siku na vitu vinavyoshikika: waliamkaje, nani alileta habari, lori lilikuja au walitembea, kilichobebwa kwanza ni nini, uwele na mtama uliokuwa ghalani ulifikaje, ng'ombe walilala wapi usiku wa kwanza, na mvua ya kwanza iliwakuta katika nyumba ya namna gani. Maswali kama haya humrudisha msimulizi katika alichokiona mwenyewe. Swali pana kama "Ujamaa uliuonaje?" liwe la mwisho, kwa sababu huleta kauli ambazo msimulizi amezisikia redioni na mikutanoni kwa zaidi ya miaka 50.

Eneo moja linalosahaulika ni makaburi. Kwa watu ambao wazee wao walizikwa karibu na makazi, kuhama kuliacha pia makaburi nyuma. Swali la nani aliendelea kwenda kuyaangalia, na hadi lini, mara nyingi hufichua kwamba kaya haikukata uhusiano na mahame kwa siku moja kama taarifa zinavyodai.

4.0 Mahojiano na Jamaa Mkongwe

Katika jamii nyingi za Tanzania uhusiano wa babu au bibi na mjukuu una utani ndani yake. Bibi anaweza kumwita mjukuu wake "mume wangu", na mjukuu anaweza kuuliza mambo ambayo baba yake asingethubutu kumuuliza mama yake mzazi. Hii ni faida ya kimbinu. Hata hivyo utani una kawaida zake. Majibu mengine hutolewa kwa mzaha ili kulikwepa swali, na mtafiti asipokuwa makini atanukuu mzaha kama habari. Ishara yake ni kwamba jibu la mzaha huja haraka, huwachekesha waliopo na halina jina la mtu wala la mahali. Swali hilo lirudiwe siku nyingine bibi akiwa peke yake.

Ugumu wa pili ni ule unaotokana na kujuana. Msimulizi humwambia jamaa yake, "Si unapajua pale kwa kina fulani," kisha huendelea. Mjukuu anapajua, lakini kinasa sauti hakipajui, wala msomaji. Mtafiti anapaswa kuomba maelezo bila kujifanya mgeni, kwani bibi atakerwa na mjukuu anayejifanya hapajui kwao. Njia inayofaa ni kumweleza mwanzoni kwamba maneno yatasikilizwa na watu ambao hawajafika huko. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja na kidude chako?"

"Nimekuja nacho. Leo unawasimulia na wenzangu wa chuoni, hawajawahi kufika kwetu. Ukitaja mahali, nitakuomba uwaelekeze njia."

"Basi waambie wakae, njia yenyewe ndefu."

Maneno ya mwisho ni mzaha, lakini yanaonyesha kwamba masharti yameeleweka. Kuanzia hapo mtafiti anaweza kusema "waelekeze, bibi" kila jina la mahali linapotajwa, na swali halitaonekana la kijinga.

Kikao kimoja kisizidi dakika 90, na kwa mtu mwenye umri mkubwa dakika 60 zinatosha. Ridhaa iombwe kwa mdomo na inaswe mwanzoni: nani anarekodi, kwa kazi gani, sauti itahifadhiwa wapi, na kwamba bibi anaweza kukataa swali au kuagiza sehemu ifutwe. Ridhaa iombwe tena mwishoni, kwa kuwa mwanzoni hakujua atakayoyasema. Zawadi ya sukari au kanga ipelekwe kwa kawaida ya ukoo, siyo mara tu baada ya kikao, ili isionekane kuwa malipo ya maneno.

Kikao cha pili kifanyike baada ya wiki moja au mbili, mtafiti akiwa amesikiliza kikao cha kwanza chote na kuandika mapengo yake. Ikiwezekana kifanyike kwenye mahame yenyewe. Msimulizi akisimama penye jiwe la kusagia au mbuyu aliokuwa akianikia chini yake, hukumbuka mpangilio wa nyumba na majina ya majirani ambayo hayakumjia alipokuwa amekaa kibarazani.

5.0 Kukokotoa Tarehe

Wasimulizi wengi hawataji mwaka. Wakiutaja, mara nyingi ni mwaka walioupata kwa wengine. Katika mfano huu bibi anatoa viashiria viwili: kwamba alipohama alikuwa amembeba mgongoni baba wa mtafiti, na kwamba mwaka huo walikula unga wa Yanga.

Kiashiria cha kwanza kinakokotoleka. Mtoto hubebwa mgongoni tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka miwili hivi. Ikiwa cheti cha ubatizo cha baba kinaonyesha kwamba alizaliwa mwaka 1970, uhamaji ulitokea kati ya mwaka huo na 1972, na hilo linawiana na Operesheni Dodoma. Cheti cha ubatizo ni ushahidi bora kuliko cha shule, kwa sababu umri wa shuleni ulipunguzwa mara nyingi ili mtoto aandikishwe.

Kiashiria cha pili kinaelekea kwingine. Unga wa Yanga ni jina ambalo watu waliupa unga wa mahindi ya njano ya msaada, kwa rangi ya klabu hiyo ya mpira. Mahindi hayo yanakumbukwa katika upungufu wa chakula wa katikati ya miaka ya 1970 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiashiria kilichotokea zaidi ya mara moja ni hatari, kwani kinaweza kuhalalisha tarehe yoyote ambayo mtafiti anaipenda.

Hapa mtafiti asichague kiashiria kimoja na kukitupa kingine. Kuna maelezo mawili yanayowezekana. La kwanza ni kwamba matukio mawili yameungana katika kumbukumbu. La pili ni kwamba kaya ilihama mara mbili: ilihamia kijijini wakati wa Operesheni Dodoma, ikarejea kwenye mahame, kisha ikaondolewa tena baada ya amri ya 1973. Swali la kikao cha pili linaloweza kuamua si "Mlihama mara ngapi?" bali "Unga wa Yanga mliupikia katika nyumba ipi?" Akijibu kwamba waliupikia katika nyumba ya zamani, kwenye mahame, basi kurejea kunajitokeza bila kuulizwa.

Vyeo na majina ya taasisi navyo hupima tarehe. TANU iliungana na ASP kuunda CCM tarehe 5 Februari 1977, na vijiji vilipata msingi wa kisheria kwa sheria ya mwaka 1975. Bibi akisema "watu wa CCM walikuja na lori" mwaka 1971, ametumia jina la sasa kwa jambo la zamani. Ushahidi wake wa lori haubatiliki kwa hilo, lakini jina hilo haliwezi kutumika kuthibitisha mwaka.

Kosa la tarehe lenyewe linaweza kuwa na maana. Mwanahistoria wa Kiitalia Alessandro Portelli alichunguza kifo cha Luigi Trastulli, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma aliyeuawa katika mji wa Terni mwaka 1949. Wasimulizi wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, wakati wafanyakazi walipopunguzwa kazini. Portelli alionyesha kwamba waliihamisha tarehe ili kifo hicho kipate uzito uliolingana na mgogoro mkubwa zaidi wa maisha yao. Vivyo hivyo, msimulizi wa Ugogo anayeunganisha kuhama na njaa huenda anaeleza sababu na matokeo kama alivyoyaelewa yeye.

Upo pia msukumo wa masilahi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, katika kifungu cha 15, inahalalisha ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamia vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Penye mgogoro wa shamba, mwaka wa kuhama si jambo dogo, na majirani wawili wanaweza kutoa miaka tofauti kila mmoja akijua kwa nini. Mtafiti aulize mapema kama kuna shauri lolote la ardhi linaloihusu familia yake, na aliandike hilo katika maelezo ya mbinu.

6.0 Kuandika Matokeo

Unukuzi wa saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita, na zaidi pale Kigogo kinapochanganyika na Kiswahili. Maneno ya Kigogo yaachwe yalivyosemwa na kufasiriwa kando. Vitenzi vya kuhama vinakiliwe bila kusawazishwa, kwa kuwa "tulihamia" iliyogeuzwa "tulihamishwa" ili sentensi isomeke vizuri ni ushahidi uliobadilishwa.

Baada ya unukuzi, kila habari ipewe alama moja kati ya tatu: aliyoiona, aliyoambiwa na mtu anayetajwa, au inayosemwa na wote. Katika mfano huu bibi anasema kwamba tembe la jirani lilichomwa moto. Alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa ameshatangulia na watoto, na habari aliipata kwa shemeji yake. Mwandishi anaweza basi kuandika: "Bibi anaeleza, kwa kauli ya shemeji yake, kwamba tembe la jirani lilichomwa baada ya wenyewe kuondoka." Hawezi kuandika kwamba tembe lilichomwa na kuishia hapo. Akimpata msimulizi wa pili aliyekuwapo, sentensi itabadilika. Akimkosa, itabaki hivyo.

Suala la majina ni gumu zaidi pale msimulizi anapokuwa jamaa. Kumwita bibi kwa jina la kubuni hakumfichi iwapo jalada la tasnifu lina jina la ukoo la mtafiti na maandishi yanasema ni mama mzaa baba. Chaguo ni mawili: ama atajwe waziwazi kwa ridhaa yake, ama uhusiano uelezwe katika sehemu ya mbinu kwa jumla, bila kuonyesha ni yupi kati ya wasimulizi aliye jamaa. Wanaotuhumiwa wanahitaji tahadhari zaidi. Mgambo anayedaiwa kuwasha moto ana watoto na wajukuu wanaoishi kijiji kilekile, pengine wameoana na ukoo wa mtafiti. Kwa hoja ya kihistoria, cheo chake kinatosha, na jina libaki katika daftari la mtafiti.

Mwisho, sehemu zinazomnukuu bibi asomewe kabla ya kukabidhiwa chuoni. Marekebisho yake yaongezwe kama maelezo mapya yenye tarehe yake, bila kufuta ya kwanza. Akisema sasa kwamba tembe halikuchomwa bali lilibomolewa na wenyewe ili kuokoa boriti, zote mbili ziandikwe, pamoja na jambo lililotokea katikati: huenda ni mazishi, mkutano wa kijiji au ziara ya mjukuu wa yule mgambo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ushahidi wa jamaa mkongwe kuhusu Operesheni Vijiji haupimwi kwa ukaribu wake na mtafiti wala kwa wingi wa saa zilizorekodiwa. Hupimwa kwa kuweza kuonyesha kitenzi kilitoka kwa nani, mwaka ulipatikanaje, na msimulizi alikuwa amesimama wapi tukio lilipotokea. Katika mfano uliojadiliwa, swali moja kuhusu nyumba ulikopikiwa unga lingeweza kubainisha kuhama mara mbili mahali ambapo takwimu za mkoa zingehesabu kaya moja iliyohamia kijijini na kubaki huko. Tafiti zaidi zinahitajika kuhusu kaya zilizorejea kwenye mahame kati ya mwaka 1971 na 1976, wakati wanawake waliobeba watoto mgongoni katika safari hizo wangali hai.